Utani Ukae Slaidi Moja na Ukweli: Uhakiki wa Posti Mbili za Malaria, Moja ya Walimu na Nyingine ya Vijana

Katika masomo ya Kiswahili tumezoea kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Tunauliza fanani ni nani, hadhira yake ni nani, na ametumia lugha gani kuifikia. Makala haya yanauliza maswali hayohayo juu ya utungo mdogo ambao vijana wa Nakivale na wafanyakazi wa Mbarara huusoma kila siku bila kuuita utungo: posti ya slaidi. Ni zile picha zenye maandishi ambazo msomaji huzitelezesha kwa kidole, moja baada ya nyingine, na wengine huziita karuseli. Instagram ilianza kuruhusu posti za namna hii mwaka 2017. Katika WhatsApp slaidi hizohizo hutumwa zikiwa picha kadhaa kwa pamoja.

Rasimu mbili zililetwa darasani zihakikiwe. Zote zilihusu malaria, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: pima kwanza, na ukikutwa na malaria maliza dozi. Ya kwanza ilikusudiwa walimu na matroni wa shule za bweni za Mbarara na Isingiro. Ya pili ilikusudiwa vijana wa miaka 14 hadi 18 katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamo katika wilaya ya Isingiro kama ilivyo Masha yetu. Watungaji walifanya jambo moja jema, nalo ni kutambua kwamba hadhira mbili zinahitaji toni mbili. Hata hivyo, walidhani toni ya wataalamu ni kuongeza maneno mazito, na toni ya vijana ni kuongeza emoji na kicheko. Naona toni hutokana na swali jingine: msomaji huyu ana uwezo wa kufanya nini, na akikuelewa vibaya, nani ataumia?

Tuanze na rasimu ya walimu. Slaidi yake ya kwanza ilisema hivi:

"UHAMASISHAJI KUHUSU UDHIBITI WA MALARIA KATIKA TAASISI ZA ELIMU."

Ya pili ilisema:

"Wadau wote wanakumbushwa kuzingatia taratibu stahiki za upimaji na utoaji wa tiba."

Ya mwisho ilisema:

"Pamoja tunaweza! 💪🙏🎉"

Kisarufi hakuna kosa hapa. Kasoro iko katika vitenzi. "Wanakumbushwa" ni kauli ya kutendwa, na anayekumbusha hajulikani. "Kuzingatia" hakuonyeshi tendo lolote ambalo matroni anaweza kulifanya saa 3 usiku, mtoto akiwa anatetemeka kitandani. "Taratibu stahiki" ndizo hasa alizotaka kuzijua, na slaidi imezitaja bila kuzifungua. Mtungaji ameazima lugha ya tangazo la ofisini akidhani ndiyo lugha ya heshima. Mtu mwenye kazi nyingi huheshimiwa kwa kuambiwa jambo analoweza kulitumia, kwa maneno machache.

Zile emoji tatu mwishoni zimeongeza tatizo. Slaidi tano zimezungumza kama waraka, na ya sita imeruka kama sherehe. Alama 🙏 mmoja huisoma kuwa sala, mwingine kuwa asante, mwingine kuwa "tafadhali". Alama 🎉 inasherehekea kitu gani, wakati hakuna mtoto aliyepimwa bado? Posti ya wataalamu inaweza kuwa na emoji, lakini ifanye kazi ambayo neno lingeifanya kwa uzito zaidi, kwa mfano ✅ mbele ya kila hatua inayopaswa kukamilika. Emoji inayokaa pale kupamba tu humwonyesha mwalimu kwamba mwandishi hakuwa na la kumalizia.

Hapa Uganda kuna jambo jingine ambalo mtungaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asilifikirie. Kwa miaka mingi Kiswahili kimesikika hapa kikiwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wengi wanakihusisha na amri za wanajeshi wa enzi za Idi Amin. Ni Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipokubali kukifanya lugha rasmi na kupitisha kifundishwe shuleni. Kwa hiyo kitenzi cha amri kikiwa peke yake, kama "Peleka!" au "Usitoe!", kinaweza kumfikia mwalimu wa Mbarara kwa sauti ya kambini. Tulijaribu wingi wa heshima, "mpelekeni" na "msitoe", pamoja na kumtaja msomaji kwa kazi yake, "Mwalimu" au "Matroni". Maagizo yakabaki maagizo, ila sasa yanatoka kwa mwenzake wa kazi.

Baada ya mjadala posti ya walimu ilitungwa upya, nayo nainukuu yote:

"1/6. Saa 3 usiku, mwanafunzi ana homa. Mwalimu, tunaanza na nini?"

"2/6. Tunaanza na kipimajoto. Mkono si kipimajoto, hata ukiwa mkono wa matroni wa miaka 20."

"3/6. Homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Mpelekeni kituo cha afya apimwe. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu na dakika 15 hadi 20."

"4/6. Msimpe dawa ya malaria kutoka sanduku la shule kabla ya kupata jibu la kipimo."

"5/6. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto, andikeni muda wa kila dozi. Mfano: ya kwanza saa 4 usiku (22:00), ya pili saa 12 asubuhi (06:00). Kisha saa 4 usiku wa siku hiyo (22:00), halafu asubuhi na usiku mpaka zote ziishe. Jumla dozi 6."

"6/6. Msisubiri kukuche akiwa anatapika kila kitu, hawezi kunywa, ana degedege, amechanganyikiwa au hawezi kusimama. Mpelekeni usiku huohuo."

Mambo mawili katika toleo hili yanastahili kuelezwa. La kwanza ni ucheshi wa slaidi ya pili. Watu wengi huamini posti ya wataalamu haipaswi kuchekesha, lakini matroni naye hucheka, na humcheka zaidi mtu anayeijua kazi yake. Kila aliyelala bweni anaukumbuka ule mkono unaowekwa kwenye paji la uso, kisha hukumu inatolewa: "Huyu ana malaria." Utani umegusa tendo hilo bila kulidharau, na "miaka 20" imeutambua uzoefu wake. Muhimu zaidi, utani huo ndio agizo lenyewe. Ukiukumbuka, umekumbuka kutumia kipimajoto. Kwa wataalamu, hiyo ndiyo aina ya ucheshi ninayoipendekeza: mkavu, mfupi, unaotoka ndani ya kazi yao, na mmoja tu katika posti nzima.

Jambo la pili ni muda wa dozi. Rasimu ya awali ilisema "dozi ya pili baada ya saa 8". Kwa msomaji wa Kiswahili maneno hayo yana maana mbili. Anaweza kuelewa kwamba zipite saa nane, au kwamba inywewe saa 8 ikishapita, yaani alasiri au usiku wa manane. Hakuna emoji ya saa itakayoondoa utata huo, na toni nzuri haitausaidia. Dawa yake ni mfano wenye muda kamili, ukiandikwa kwa saa za Kiswahili na pia kama simu inavyouonyesha. Ni jambo la msamiati kabisa, lakini likikosewa, mtoto atacheleweshewa dozi.

Tuje sasa kwa rasimu ya vijana, ambayo darasani ilipendwa kuliko ile ya walimu. Ilikuwa na slaidi hizi tatu katikati ya nyingine:

"Niaje wasee 😂😂💀 Malaria imekushika? Umekwisha 💀"

"Siku ya pili umepona? Bakiza vidonge, uza, nunua bando 😂🔥"

"Tunakutania tu 🤣 Maliza dozi!"

Ilichekesha, na siwezi kukana. Lakini uhakiki hauishii kwenye kicheko, kwa hiyo nitazipitia kwa zamu: lugha, emoji, halafu ucheshi wenyewe.

Lugha yake ni Sheng ya Nairobi. Mtungaji hakuitoa hewani. Shujaaz, mradi wa vijana wa Kenya ulioanza mwaka 2010 kwa katuni na redio, ulionyesha kwamba Sheng inaweza kubeba habari nzito za kilimo, pesa na uraia, na vijana wakaisoma. Lakini Sheng ya Shujaaz ilifaulu kwa sababu ni ya mtaa wa wasomaji wake. Nakivale mtaa ni mwingine. Kijana aliyetoka Kivu anasema "banakuya" pale kitabu kinaposema "wanakuja", na malaria kwao huitwa palu. Jirani yake Mrundi amekulia Kirundi, na kidonge kwake ni ikinini. Kuna Wasomali waliokijua Kiswahili wakiwa Kenya, na wengine waliokijulia hapahapa sokoni. Ukiwaandikia wote "niaje wasee", wachache watajisikia nyumbani na wengi watajua kwamba wameandikiwa na mtu anayewaigiza wengine. Kuigiza Kiswahili cha Bukavu nako kungewaacha nje Warundi na Wasomali.

Njia iliyofaa ilikuwa kuandika Kiswahili sanifu chepesi, chenye sentensi fupi, na kutafuta ujana mahali pengine. Ujana ukapatikana katika vitu: godoro, bando, mdogo wako, vidonge vilivyobaki. Hivi kila kijana wa Nakivale anavijua, awe wa Kongo, Burundi au Somalia. Kwa hadhira yenye lahaja nyingi, tukio linalofahamika na wote huunganisha watu kuliko msimu wa kikundi kimoja.

Neno "homa" nalo lilihitaji uangalifu kwa pande zote mbili. Katika Kinyankore, omuswija ni homa na pia ni malaria. Katika Kiswahili cha sehemu nyingi pia mtu husema "nina homa" akimaanisha malaria. Kwa msomaji wa namna hiyo, "ukiwa na homa, pima malaria" ni sawa na kumwambia apime kitu anachojua tayari kwamba anacho. Ndiyo maana posti ya walimu imelitenganisha neno hilo wazi kwa kusema "homa si malaria mpaka kipimo kiseme". Kwa vijana sentensi hiyo iliweza kubaki vilevile, kwa sababu ni fupi na inasemeka.

Kuhusu emoji, alama 💀 kwa vijana wengi mtandaoni humaanisha "nimekufa kwa kucheka". Katika posti ya muziki haina shida. Katika posti ya malaria fuvu linarudi kuwa fuvu. Nakivale wapo wasomaji waliozika ndugu kwa ugonjwa huu, na neno "umekwisha" pembeni ya fuvu halitawachekesha. Kanuni niliyoipata hapa ni kwamba emoji husomwa pamoja na mada, na maana yake ya mtaani haina nguvu ya kufuta maana yake ya kwanza pale mada inapoiamsha. Jozi kama 💊❌ ina hatari yake pia. Mtungaji alitaka kusema "usigawe dawa", lakini mwenye kutazama haraka anaona "usinywe dawa". Emoji haina kikanushi kinachojulikana kimekanusha kitenzi gani, kwa hiyo agizo la tiba liandikwe kwa maneno, na emoji ije baada ya sentensi kukamilika.

Yapo mambo mawili ya kiufundi yanayoungana na hayo. Simu ya zamani isiyo na emoji mpya huonyesha kisanduku kitupu, na anayesikiliza maelezo ya posti kupitia programu ya kusomea wasioona husomewa jina la kila emoji, moja baada ya nyingine. Vicheko vitano mfululizo humfikia kama jina moja lililotajwa mara tano. Kwa Nakivale ningeongeza tahadhari moja zaidi: bendera za nchi ziachwe. Mtungaji anaweza kuzipanga akidhani anamkaribisha kila mtu, lakini palipo na watu waliokimbia nchi zao kwa sababu ya vita kati ya pande mbalimbali, bendera iliyowekwa au iliyosahauliwa huanzisha mjadala ambao malaria haitasikika ndani yake.

Sasa ucheshi wenyewe, na hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi la rasimu ile. Slaidi ya pili inasema "bakiza vidonge, uza". Slaidi ya tatu inasema "tunakutania". Katika hadithi simulizi mbinu hii inakubalika, kwa sababu msimulizi yupo mbele yako, uso wake unaonekana, na hutaondoka katikati ya kejeli. Posti ya slaidi haina uso, na haina uhakika wa kusomwa kwa mpangilio. Kijana akipenda slaidi ya pili ataipiga picha ya skrini na kuiweka kwenye hali yake ya WhatsApp. Slaidi ya tatu haitamfuata. Instagram yenyewe huweza kumrudishia mtu posti aliyoipita ikianza na slaidi ya pili. Picha zikitumwa WhatsApp kwa pamoja hupangwa gridi, nne za kwanza huonekana, na zilizobaki hufichwa nyuma ya alama kama +2. Katika njia zote hizi kejeli inaweza kumfikia mtu bila marekebisho yake, na hapo imekuwa ushauri.

Kutokana na hilo naweka kanuni ambayo ndiyo kichwa cha makala haya. Utani na ukweli wake vikae katika slaidi moja, na isiwepo slaidi hata moja ambayo ikisomwa peke yake inatoa agizo la uongo. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kila slaidi, ifunike mingine, mpe mtu asiyejua chochote kuhusu posti hiyo, umuulize inamwambia afanye nini. Ikiwa jibu lake lingemdhuru mgonjwa, slaidi hiyo haifai hata kama inachekesha namna gani.

Posti ya vijana ilitungwa upya hivi:

"1/5. Siku ya 2. Homa imetoroka. Vidonge vimebaki. Unawaza nini? 👀"

"2/5. 'Nitambakishia mdogo wangu.' Moyo mzuri, hesabu mbaya. Vidonge 24 ÷ watu 2 = wagonjwa 2."

"3/5. Homa imetoroka, vijidudu bado wamejificha. Maliza dozi yako: mara 2 kwa siku, siku 3."

"4/5. Mdogo wako ana homa? Homa si malaria mpaka kipimo kiseme. Akapimwe. Dawa yake hupangwa kwa uzito wake, si kwa uzito wako."

"5/5. Mtumie yule anayeficha vidonge chini ya godoro. Anajijua 😅. Pima kwanza, maliza siku 3."

Katika toleo hili ucheshi umehama kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye kishawishi. Hachekwi mtu mwenye malaria, linachekwa lile wazo linalomjia kila mtu akishapata nafuu. Tena wazo lenyewe limepewa heshima yake. Anayembakishia mdogo wake dawa anafanya hivyo kwa upendo, na mara nyingi kwa sababu anajua foleni ya kituo cha afya ilivyo ndefu. Slaidi imesema "moyo mzuri" kabla ya kusema "hesabu mbaya". Kijana akianza kwa kutukanwa atafunga simu.

Msomaji makini anaweza kuuliza kama hesabu ile ni ya kweli, na ni haki yake. Pakiti ya dawa mseto ya artemetha na lumefantrini ya mtu mwenye kilo 35 na zaidi huwa na vidonge 24, yaani vidonge 4 kwa kila dozi, mara 6. Akikata katikati amebaki na dozi 3, na vijidudu vilivyosalia vinaweza kumrudishia ugonjwa. Mtoto wa kilo 15 hadi chini ya 25 huhitaji vidonge 12, kwa hiyo ile nusu inaweza hata kulingana na dozi yake kwa bahati. Lakini hajapimwa, na huenda homa yake ni ya nimonia inayoendelea kumla huku nyumbani wakiamini ametibiwa. Kwa hiyo "wagonjwa 2" ni utani unaosimama hata muuguzi akiusoma. Kama usingesimama, ungepaswa kuondolewa, kwa sababu kijana mmoja akigundua kwamba posti imekosea hesabu, ataiona posti nzima kuwa ya kuchekesha tu.

Tukizilinganisha posti mbili hizi tunaona kilichobadilika na kilichobaki. Anayeambiwa amebadilika: "mpelekeni" kwa walimu, "maliza" kwa kijana mmoja anayesoma peke yake usiku. Tendo limebadilika pia, kwa sababu mwalimu ana ufunguo wa sanduku la dawa na kijana ana pakiti iliyobaki. Mwalimu amepewa muda kamili na dalili za hatari, kwa kuwa atawajibika kwa watoto wa watu wengine. Kijana amepewa sababu, kwa kuwa hakuna anayemsimamia siku ya tatu. Ucheshi wa mwalimu unatoka kazini, wa kijana unatoka kwenye kishawishi. Emoji kwa mwalimu hazipo kabisa, kwa kijana zipo mbili. Sentensi moja tu haikuguswa: "homa si malaria mpaka kipimo kiseme." Sentensi inayobeba usalama isibadilishwe ili kupendeza hadhira yoyote. Itungwe tangu mwanzo iwe nyepesi kiasi cha kusemwa na wote.

Pingamizi moja lilitolewa darasani ambalo sitaki kulipita. Mwenzetu alisema kuwatenga vijana na wataalamu ni kosa kwa Nakivale, kwa sababu huko kijana wa miaka 15 mara nyingi ndiye anayempeleka mama yake kituo cha afya na kumtafsiria kwa daktari. Huyo ana kazi ya mtu mzima, kwa nini aandikiwe utani? Naona hoja yake ni ya kweli na inaimarisha ninachosema. Umri hautoshi kuamua toni. Kijana huyohuyo ni msomaji mmoja anapoficha vidonge vyake, na ni msomaji mwingine anapomsimamia mdogo wake. Kwa hali hiyo ya pili anahitaji zile dalili za hatari ambazo rasimu ya vijana haikuwa nazo. Ningeongeza slaidi moja isiyo na utani wala emoji, yenye maneno yaleyale ya slaidi ya sita ya walimu, kwa umoja: "Usisubiri kukuche." Ukimya wa ucheshi mahali hapo ungekuwa toni nao. Msomaji aliyezoea kutaniwa slaidi nne akikuta ya tano haicheki, atajua pamefika pazito.

Imebaki kueleza jinsi ya kujua kama toni imefanya kazi. Idadi ya vicheko kwenye maoni haitoshi, maana rasimu ya kwanza ya vijana ingepata vingi. Njia tuliyokubaliana ni hii: wape watu watano wa hadhira husika waisome mara moja, wafunge simu, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake atafanya nini. Anayekumbuka godoro na kusahau siku 3 ametuonyesha kwamba utani umeumeza ujumbe. Anayesema "ni jambo muhimu sana" bila kutaja tendo ametuonyesha kwamba tumeandika waraka. Kwa walimu kuna kipimo kingine cha kimyakimya, nacho ni kuihifadhi posti au kuituma kwenye kikundi cha walimu wa shule nyingine. Mwalimu hatumi kwa wenzake kitu kitakachomfanya aonekane wa mzaha, wala hatumi kitu asichoweza kukitumia.

Kwa hiyo anayetunga posti ya slaidi asianze kwa kuuliza aweke emoji ngapi. Aanze kwa kumtaja msomaji mmoja na tendo moja, aandike sentensi ambayo haitabadilika, kisha ndipo achague maneno, alama na kicheko vya kuizunguka. Akishamaliza, aitoe kila slaidi peke yake na kuipa mtu mwingine aisome, kwa sababu ndivyo itakavyosafiri.